Ukituma Mlolongo wa Meseji za Mnada Bila Muhtasari Juu, Umemtwisha Jirani Hasara

Leo siongelei salfa wala ubwiri unga. Naongelea tabia iliyoota mizizi hapa Chiungutwa na vijiji vyote vya Masasi hadi Newala kila msimu wa korosho unapofunguliwa. Mtu yumo kwenye kundi la AMCOS yake la WhatsApp. Katibu anaweka matokeo ya mnada, wanachama wanauliza, katibu anajibu, anasahihisha, wengine wanashukuru. Kisha mtu huyo anachagua meseji zote kumi au kumi na tano na kuzirusha kwenye kundi la kijiji, la ukoo au la msikitini, bila kuongeza neno. Anaona amesaidia.

Mimi nasema hajasaidia. Ameituma kazi yake ya kusoma na kuelewa kwa watu mia moja, wakati yeye mwenyewe ndiye pekee aliyekuwa na nafasi ya kuifanya vizuri. Kama huwezi kuandika mistari mitano juu ya mlolongo ule kueleza unahusu nini, usiurushe. Najua wapo watakaosema nimekaza mno. Soma hadi mwisho, ndipo unipinge.

Simu hubeba maneno, haibebi mazungumzo

Kwanza tuelewe kinachotokea ukibonyeza kitufe cha kusambaza. Kwenye kundi la AMCOS kila meseji ina jina la aliyeiandika, saa aliyoiandika, na mara nyingi ile meseji anayoijibu inaonekana juu yake. Wewe uliyemo humo unajua nani ni katibu, nani ni mwanachama wa kawaida, na swali gani lilijibiwa na nani.

Ukisambaza, jina la mwandishi wa kwanza linabaki kule. Tarehe na saa yake ya asili vinabaki kule pia. Kule zinakofika, meseji zote zinasomeka kama zimetoka kwako, na saa inayoonekana ni ile uliyozituma wewe. Kitu pekee kinachoonyesha kwamba maneno si yako ni alama ndogo ya mshale. Ujumbe uliokwisha kupita mikono mitano au zaidi huwa na mishale miwili, na simu haikuruhusu kuutuma kwa zaidi ya sehemu moja kwa mpigo. Mishale ile inakwambia ujumbe umetembea sana. Haikwambii ulianza lini wala ulianzia kwa nani.

Sasa fikiria neno "kesho". Katibu ameandika "msilete mzigo kesho" siku ya Ijumaa, akimaanisha Jumamosi. Wewe umesambaza Jumamosi asubuhi. Mjomba wako amefungua simu Jumapili baada ya kupata bando. Kesho ya mjomba ni Jumatatu. Hakuna aliyesema uongo, lakini mjomba amekwisha potea.

Hata mwaka unapotea hivyo hivyo. Wengi tunakumbuka msimu wa 2018, wakulima walipokataa bei za minadani, na tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kusomba. Meseji yenye maneno "serikali inanunua korosho kwa 3,300" ilikuwa kweli siku ile. Ukiirusha leo bila tarehe, imekuwa uongo ingawa hukubadilisha herufi hata moja. Na hata mwaka ule bei peke yake haikutosha kumwambia mkulima ashike nini, maana malipo yalitanguliwa na uhakiki. Aliyepokea tarakimu bila masharti yake alipokea nusu ya habari.

Mfano wa mlolongo mmoja

Nichukue mfano. Tarakimu, tarehe na maghala nimeyatunga kwa ajili ya somo, ila muundo wake ni ule unaouona kila wiki ya mnada. Meseji zimefika kwenye kundi la kijiji hivi, moja baada ya nyingine, zote zikiwa na jina la aliyezirusha:

> Mnada wa leo umekamilika. Bei ya juu 2,900, bei ya chini 2,750
> Ghala gani hilo?
> Hiyo ya juu ni ghala B. Sisi ghala A ni 2,780
> Kabla ya makato au baada?
> Kabla
> Wakulima wamekubali?
> Ndiyo
> Magunia yameisha, msilete mzigo kesho
> Samahani, tumehakikishiwa yanakuja. Leteni Jumatatu
> Wa baada ya tarehe 12 hawamo humu
> Asante katibu
> Asante sana

Meseji kumi na mbili. Msomaji mpya anashika nini? Anashika ya kwanza, kwa sababu ndiyo anayokutana nayo na ndiyo yenye tarakimu kubwa. Anasema, "Bei imetoka, 2,900." Hapo makosa manne yameshazaliwa, na kila moja lina bei yake.

La kwanza ni bei yenyewe. Chini ya stakabadhi ghalani, mfumo tulio nao Mtwara tangu msimu wa 2007/08, mkulima halipwi bei ya juu ya mnada. Analipwa bei iliyopatikana kwa mzigo uliolala kwenye ghala lake. Mwenye kilo 400 katika ghala A anayesubiri 2,900 badala ya 2,780 anasubiri shilingi 48,000 ambazo hazipo. Siku ya malipo atamwita karani mwizi, na karani hajaiba kitu.

La pili ni makato. Neno "kabla" limekaa peke yake kwenye mstari wa tano, na nani atajua ni kabla ya nini? Mtu anazidisha kilo kwa bei na kwenda dukani kukopa bati kwa hesabu hiyo. Hesabu yake haijatoa ushuru wala gharama nyingine zinazokatwa kabla fedha haijaingia kwenye akaunti yake.

La tatu ni siku ya kupeleka mzigo. Meseji ya nane inakataza na ya tisa inaruhusu. Aliyeishia ya nane amekaa na korosho ndani wiki nzima. Aliyesoma ya tisa bila kujua imeandikwa siku gani hajui ni Jumatatu ipi. Mwingine amekodi bodaboda hadi AMCOS na kurudishwa na gunia lake.

La nne ndilo baya kuliko yote. Meseji ya kumi inasema "wa baada ya tarehe 12 hawamo humu". Maana yake ni kwamba aliyepeleka korosho tarehe 13 au 14 mzigo wake haukuingia kwenye mnada huu, na hana fedha inayokuja kwa sasa. Lakini msomaji mpya anaweza kudhani ni watu walioondolewa kwenye kundi, au kwenye orodha ya pembejeo. Mwenye mzigo wa tarehe 14 anasubiri fedha pamoja na wenzake. Wenzake wanalipwa, yeye halipwi. Anahisi amedhulumiwa. Na hapo ndipo mnunuzi wa kangomba anapobisha hodi na fedha taslimu na kisado chake mkononi, kwa bei ya kutupa, huku akijua kabisa biashara hiyo imekatazwa. Kangomba inaishi kwa njaa, lakini inaishi pia kwa mkanganyiko. Mkulima anayejua kwamba mzigo wake upo, na kwamba utauzwa mnada ujao, ana sababu ya kungoja. Asiyejua hana.

Mistari mitano inayomaliza kazi

Sasa tazama mlolongo ule ule ukiwa na kichwa:

> MUHTASARI: Mnada wa korosho wa Ijumaa 17/10/2025
> UNAMHUSU: aliyepeleka mzigo AMCOS yetu hadi tarehe 12/10. Aliyepeleka baada ya hapo asubiri mnada ujao.
> BEI YETU (ghala A): 2,780 kwa kilo, kabla ya makato. Ile 2,900 ni ya ghala B. Wakulima wamekubali kuuza.
> CHA KUFANYA: mzigo mpya upelekwe Jumatatu 20/10, siyo Jumamosi 18/10.
> CHANZO: katibu wa AMCOS, kundi la wanachama, Ijumaa jioni. Siku ya malipo haijatajwa. Nimefupisha mimi (jina lako).

Mjomba akisoma hayo tu na kuzima simu, anajua kila kilichomhusu. Akitaka ushahidi, meseji kumi na mbili zipo chini.

Namna ya kuandika ni hii. Anza kusoma mlolongo kutoka mwisho kwenda mwanzo. Sababu ni kwamba meseji ya mwisho yenye habari ndiyo iliyo hai, na za juu yake huenda zimeshafutwa na masahihisho. Ukianza juu utaandika "msilete mzigo", kumbe katibu ameshabadilisha.

Kisha jiulize ni nani anayeguswa na nani haguswi, na yule asiyeguswa mtaje waziwazi. Watu wengi huandika walengwa peke yao. Kwenye habari ya fedha, anayeumia zaidi ni yule aliyedhani yumo kumbe hayumo.

Kila "leo", "kesho" na "wiki ijayo" igeuze iwe tarehe kamili, na mstari wa kwanza uwe na mwaka. Kila "hapa", "kwetu" na "kule" iwe jina la mahali. Kila tarakimu ya fedha iandikiwe ni ya nini, kwa kipimo gani, na kama ni kabla au baada ya makato.

Mwisho andika chanzo, na andika pia jambo ambalo watu watauliza lakini mlolongo haukulijibu. "Siku ya malipo haijatajwa" ni maneno machache tu, lakini yanazuia maswali thelathini na yanamzuia mtu mmoja mwenye haraka kubuni jibu.

Kuhusu mpangilio wa kutuma: andika muhtasari, utume kwanza, ndipo urushe meseji zile zifuate chini yake. Ukirusha kwanza na kuandika baadaye, muhtasari unakaa chini, na aliye na haraka hafiki. Weka neno MUHTASARI na jambo lenyewe mwanzoni kabisa, kwa sababu simu ikilia, kinachoonekana juu ya kioo ni maneno machache ya mwanzo tu. Usianze na salamu ndefu. Salamu ni nzuri, ila ikijaza mstari wa kwanza imekula nafasi ya bei.

Kwa simujanja nyingi za Android kuna njia nzuri zaidi ya kurusha. Chagua meseji unazotaka, kisha badala ya kusambaza, nakili. Ukizibandika kwenye nafasi ya kuandikia utaona kila meseji imekuja na tarehe, saa na jina la aliyeiandika. Zote zinakuwa ujumbe mmoja. Hapo unaweza kuandika muhtasari juu yake, ukafuta zile "asante", na kutuma mara moja. Muhtasari hautengani tena na mlolongo wake hata ukirushwa mara ishirini. Ila majina na namba za watu huonekana humo, hivyo pitia kwanza na ufute ya yule asiyehusika.

Wenye kitochi usiwasahau. Meseji moja ya kawaida ina nafasi ya herufi 160, na inatosha:

> Mnada 17/10/25: mzigo hadi 12/10, bei yetu 2780/kilo kabla ya makato. 2900 si yetu. Mzigo mpya leteni J3 20/10. Chanzo: katibu AMCOS. Malipo: siku haijatajwa

Mnaopinga, nawajibu

Wapo wanaosema, "Kila mtu ana macho, asome mwenyewe." Ndugu yangu, kundi la kijiji lina watu mia moja. Ukitumia dakika tano kufupisha, umetumia dakika tano. Usipofupisha, watu mia moja watatumia dakika tano kila mmoja, na nusu yao watatoka na jibu tofauti. Tena usisahau kwamba bibi wengi hapa husomewa simu na mjukuu. Mjukuu anayesoma meseji kumi na mbili kwa sauti, bila kujua nani anamjibu nani, atamwambia bibi kile alichokishika yeye. Na yule msomaji hana uwezo wa kurudi juu kutazama kundi la AMCOS, maana hayumo. Wewe umo.

Wengine wanasema, "Siwezi kugusa maneno ya katibu." Ni hoja ya heshima na naipokea. Lakini hakuna aliyekutaka uyaguse. Maneno ya katibu yanabaki chini yalivyo. Yako yanakaa juu, na yana jina lako. Msomaji anaona lipi la nani. Kwa kweli anayeyaharibu maneno ya katibu ni yule anayeyarusha bila jina lake na bila tarehe yake, yakachanganyika na maswali ya wanachama hadi swali likasomeka kama tangazo.

Wa tatu wanasema, "Nikikosea nitalaumiwa." Hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipo. Kurusha bila neno ni namna ya kujificha: likienda vizuri nimesaidia, likienda vibaya "mimi nilitumiwa tu". Kama unaogopa kwamba muhtasari wako utakuwa na kosa, basi hukuuelewa mlolongo, na kama hukuuelewa wewe uliyekuwemo, atauelewa nani? Mwulize katibu swali moja kwanza. Au rusha kwa ukweli: "Sijaelewa kama tarehe 12 ni ya kupokelewa AMCOS au ya kufika ghala kuu. Anayejua atusaidie." Huo nao ni muhtasari, na ni wa mtu mwaminifu.

Wa nne wana hoja ngumu kidogo. Wanasema watu wakizoea muhtasari hawatasoma kilichoko chini. Ni kweli, hawatasoma. Kwa hiyo muhtasari lazima ubebe lile linaloweza kumpotezea mtu fedha au siku. Kama umelazimika kuacha kitu, kiache kile cha shukrani na ubishi, usiache sharti.

Pale muhtasari usipotosha

Kuna mahali sitaki ufupishe. Mlolongo ukihusu kipimo cha kiuatilifu, usiandike tarakimu kwa kumbukumbu. Salfa ya unga hupulizwa kavu, haichanganywi na maji. Dawa za maji zina vipimo vyake na siku zake za kurudia, na kila moja ina kibandiko chake. Ukichukua siku za moja na kipimo cha nyingine katika mstari mmoja mzuri, umeandika sumu kwa ufupi. Hapo muhtasari useme ni dawa gani kwa jina lake kamili, ni ya ugonjwa gani, na "kipimo: soma kibandiko au muulize afisa ugani wako". Basi.

Ujumbe wa sauti nao unahitaji kichwa zaidi kuliko wa maandishi, kwa sababu hauwezi kuupitia kwa jicho. Sauti ya dakika saba inakula bando la mtu kabla hajajua kama inamhusu. Andika mistari mitatu juu yake, na utaje dakika ambayo jambo lenyewe linasemwa.

Na habari ikibadilika, usirushe mabadiliko peke yake. Andika muhtasari mpya mzima, ukianza na "HUU UNAFUTA MUHTASARI WA 17/10", kisha ule wa zamani ufute kama simu bado inakuruhusu. Ukituma tu "siku imebadilika, ni Jumanne", utakuwa umerudi kwenye ugonjwa ule ule, maana atakayeipokea wiki ijayo hatajua ni siku ya nini.

Nawaomba makatibu na makarani wa AMCOS waanze wao, kwa sababu muhtasari mzuri ni ule ulioandikwa na mwenye habari. Na nyinyi mnaopokea, msikae kimya. Mlolongo ukija bila kichwa, mjibu aliyeurusha kwa heshima: "Ahsante ndugu. Ni wa tarehe ngapi, unamhusu nani, na tufanye nini?" Akiulizwa hivyo mara tatu mbele ya kundi zima, mara ya nne ataandika mwenyewe. Kama hawezi kuyajibu maswali hayo matatu, usiuze gunia wala usikodi bodaboda kwa habari yake.